Mfuko ukijaa, jina linasomeka? Kuchora mfuko wa butike unaotembea Lubumbashi

Mfuko wa butike huchorwa ukiwa umelazwa juu ya meza. Umepigwa pasi, hauna mkunjo, jina limekaa katikati kama picha ukutani. Mwenye butike akiuona hivyo anapendezwa, analipa, kazi imekwisha. Lakini mfuko huo ukishavuka mlango wa duka hautaonekana tena katika hali hiyo. Watu wa mjini watauona ukiwa umejaa, umebanwa na kiwiko, umening'inia pembeni mwa pikipiki au umekunjwa kwapani. Anayechora anapaswa kuanza kwa kujiuliza ni sehemu gani ya mfuko inayobaki machoni pa watu mfuko unapokuwa kazini.

Hilo nililijifunza kwa mifuko 200 niliyopiga chapa kwa ajili ya butike moja ya nguo za kike katika komini ya Kenya, hii ya hapa Lubumbashi. Jina la butike lina herufi tisa. Mfuko ulikuwa na upana wa sentimita 38 na kimo cha 42, nami nikalitandaza jina hilo sentimita 32, karibu kutoka ukingo hadi ukingo, nikiamini kwamba kikubwa ndicho kinachoonekana. Wiki chache baadaye nilimwona mama mmoja sokoni Kenya ameubeba begani. Ndani kulikuwa na meka kadhaa za unga, na fungu la lengalenga likichungulia juu. Nilisimama hatua tano kutoka kwake. Nilisoma herufi tano za katikati. Mbili za kushoto na mbili za kulia zilikuwa zimebanwa pembeni kiasi kwamba mtu asiyelijua jina hilo asingelikisia.

Sababu yake ni hesabu ndogo. Mfuko mtupu ni pande mbili bapa za sentimita 38, yaani mzunguko wa sentimita 76. Ukiujaza unga unakuwa mviringo kama gogo, na gogo lenye mzunguko wa sentimita 76 lina kipenyo cha sentimita 24 hivi. Upande wote uliochapwa bado umekutazama, lakini sasa umejikunja. Katikati unauona sawasawa, na kadiri unavyokwenda kwenye kingo, kitambaa kinageuka na herufi zinabanana, hadi zile za mwisho zinaonekana kwa chini ya nusu ya upana wake. Ukisimama upande kidogo, badala ya mbele kabisa, herufi za upande wa pili zinapotea kabisa. Sehemu inayosomeka bila shida ni kama robo ya mzunguko: 76 gawanya kwa 4, sentimita 19.

Kimo nacho kinapungua. Mfuko unaobebwa begani unakaa chini ya mkono, na sentimita kama 10 za juu zinafunikwa na mkono au zinajikunja pale mishikio inapouvuta mdomo wa mfuko. Chini, sentimita 5 au 6 zinageuka kuwa kitako mzigo unapokaa. Katika kimo cha sentimita 42 zinabaki 26 hivi. Kwa hiyo mfuko ule mkubwa una dirisha la sentimita 19 kwa 26, na kila kinachopaswa kusomwa na mpita njia kikae humo. Nje ya dirisha unaweza kuweka mauwa, mistari, rangi, chochote kisichodaiwa kusomeka.

Mtu asiyeniamini nimwambie afanye hivi: akate karatasi kwa kipimo cha chapa yake, aibandike kwa gundi ya utepe kwenye mfuko wowote, aujaze kilo tano za unga au mchanga, ampe mtu aubebe huku akitembea, naye apige picha kwa simu kutoka hatua sita. Dakika kumi hizo zingeniokoa mifuko 200.

Sasa turudi kwenye zile herufi tisa. Ukizipanga mstari mmoja ndani ya sentimita 19, kila herufi inapata nafasi ya sentimita 2 na kidogo, na kimo chake, kwa herufi za unene wa kawaida, kinakuwa karibu sentimita 3. Wachora mabango wana kanuni ya zamani: kila sentimita 2 na nusu za kimo cha herufi zinasomeka vizuri kwa mita 3. Herufi zetu za sentimita 3 zitasomeka kwa mita 3 na nusu hivi, yaani na mtu aliye karibu kukugusa kwenye msongamano wa soko. Ukilikata jina mistari miwili, tano juu na nne chini, kila herufi inapata karibu sentimita 4 za upana na kimo cha sentimita 5. Hapo inasomwa kwa mita 6, yaani na mtu aliye ng'ambo ya barabara nyembamba, au na yule aliyekaa kwenye basi dogo linalosubiri abiria. Mistari yote miwili pamoja na nafasi kati yake inakula sentimita 12 tu za kimo. Ndivyo tulivyofanya mara ya pili. Jina lilipungua kwenye meza na likakua barabarani.

Chapa hiyo iwe pande zote mbili. Wengi wanaruka hapa ili kupunguza gharama, na hapa hakuna gharama ya kupunguza. Katika serigrafi kinachouma ni kutengeneza kadri, ile fremu yenye kitambaa chembamba inayobeba mchoro. Ikishatengenezwa, upande wa pili unahitaji wino kidogo na kuvuta raklete, ule ubapa wa mpira unaosukuma wino, mara moja zaidi. Mfuko ukiwa na chapa upande mmoja, nusu ya safari zake chapa hiyo imebanwa kwenye mwili wa mbebaji. Kadri ni sababu pia ya kushikilia rangi moja, kwa kuwa kila rangi inataka kadri yake na kulenga upya, na kwenye mifuko 100 au 200 rangi ya pili inapandisha bei bila kumsogeza msomaji hata hatua moja.

Kuhusu mishikio nitasema kwa kifupi. Ikiwa mifupi, mfuko unaning'inia mkononi, karibu na magoti, na katikati ya umati hakuna anayeuona. Mkanda wa sentimita 70, ukitoa 4 za kushonea kila ncha, unaacha nafasi ya sentimita 28 hadi 30 kutoka bega hadi mdomo wa mfuko, na hiyo inapita begani hata kwa mtu aliyevaa sweta asubuhi za baridi za Juni. Ncha zake zishonwe kwa mraba wenye msalaba ndani. Mstari mmoja tu wa uzi utang'oka, nao utang'oka sokoni, mayai yakiwa ndani. Ninaupima mfuko wa kwanza wa kila fundi kwa kuutundika usiku mzima na kilo nane. Asubuhi ninaangalia kama matundu ya sindano yamefunguka.

Kuhusu kinachoandikwa, nilibadilishwa na mteja. Baada ya mifuko ile ya kwanza mwenye butike aliniomba tuongeze nambari mbili za simu, anwani yote, na orodha ya bidhaa: magauni, viatu, sakoshi, vitenge. Tulimwonyesha mmoja wa wateja wake mchoro. Aliuangalia, akaurudisha, akasema: "Yaya, miye siko pano." Alimaanisha kwamba yeye si bango la kutundikwa barabarani. Neno hilo nalishika mpaka leo. Mfuko unatangaza siku zile tu mwenyewe anapouchagua nyumbani kati ya mifuko mingine, na mwanamke anayejipamba kwenda kanisani au kwenye harusi hatachagua ule unaomgeuza karatasi ya matangazo. Kuna na jambo la pili ambalo wanaume hatulifikirii: wapo wasiotaka majirani wajue kila wanaponunua nguo. Mfuko unaosema "nguo mpya" unaachwa nyumbani. Ulio mzuri wenyewe, wenye jina tu, unakwenda popote.

Basi kwenye dirisha tukaweka jina, na chini yake neno moja la mahali, kwa namna watu wanavyoelekezana hapa: komini na avenyi. Nambari ya simu hakuna anayeisoma kwenye mfuko unaotembea, sembuse kuikumbuka. Tuliihamishia kwenye kitambaa kidogo kilichoshonwa ndani, kwenye mshono wa ubavuni, pamoja na jina la WhatsApp. Pale anaisoma rafiki aliyeazimwa mfuko, au dada aliyeuliza "umeutoa wapi?", na hao ndio wanaoitaka kweli. Tena nambari ikibadilika unabadilisha kitambaa hicho, huhitaji kadri mpya.

Jambo gumu zaidi, na linalopoteza pesa za wengi, ni kuoanisha kitambaa na wino.

Tangu amri ya waziri mkuu namba 17/018 ya tarehe 30 Desemba 2017 ilipopiga marufuku vifungashio vya plastiki nchini, butike nyingi zimehamia kwenye mifuko ile laini iliyoshindiliwa, yenye vidoa vya kubonyea, ambayo Watanzania wanaiita mifuko mbadala. Inafanana na kitambaa, lakini ni plastiki pia, polipropilini, na Kenya nchi iliipiga marufuku mwaka 2019. Ni ya bei nafuu, ina rangi nyingi, inapendeza ikiwa mipya. Ina udhaifu wa aina mbili. Jua linaila: ukiuacha kwenye kamba au dirishani miezi kadhaa, unaanza kukatika vipande kama jani kavu. Na haivumilii moto. Polipropilini inayeyuka karibu na nyuzi 160, na wino mzito wa plastisoli, ule unaotumika kwenye fulana, unataka nyuzi kama hizo hizo ili ukomae. Mpiga chapa asiyejua anakuwa na njia mbili mbaya: aupashe moto wa kutosha na mfuko ujikunje, au aupashe kidogo na wino ubanduke. Ukiona chapa kwenye mfuko wa namna hiyo inatoka kwa kusugua na kidole gumba, ndicho kilichotokea. Kwa mifuko hii kuna wino wake unaokauka kwa hewa. Usiokuwa huo, usikubali.

Mimi ninapendelea amerikani, ile pamba ghafi isiyopaushwa, ya gramu 200 hivi kwa mita ya mraba. Inafuliwa, inashonwa upya, na mtu anaona fahari kuibeba. Lakini nayo ilinitesa. Kundi langu la pili la mifuko lilitoka vizuri kabisa, jina likasomeka, dirisha lilikuwa sawa. Baada ya kufuliwa mara moja jina likawa la kijivu, lenye mapengo. Nilimlaumu muuza wino. Kosa lilikuwa langu. Amerikani inatoka kiwandani imepakwa wanga ili nyuzi zisikatike wakati wa kufumwa, na wanga huo unauzuia wino usiingie. Wino wangu ulikuwa umekaa juu ya wanga, na maji ya kwanza ya sabuni yaliuondoa wanga pamoja na kilichopakwa juu yake.

Namna ya kujua ni rahisi mno hata ninaona uchungu kuiandika. Dondosha tone moja la maji juu ya kitambaa. Likikaa mviringo kama shanga, wanga bado upo. Likinywewa papo hapo, kitambaa kiko tayari. Kuutoa, loweka kitambaa usiku kucha, kisha ukifue kwa maji moto na sabuni, kabla ya kukata. Kabla ya kukata, narudia, kwa sababu pamba ghafi inarudi inapofuliwa mara ya kwanza. Mita moja inaweza kupungua sentimita 5 na zaidi. Ukishona kwanza na kufua baadaye, mishono inavutana na lile dirisha ulilolipima kwa uangalifu linahama.

Wino wa maji kwenye pamba nao unataka moto: nyuzi 150 hadi 160 kwa dakika mbili au tatu, kwa presi, au kwa pasi kavu kupitia kitambaa safi kwa muda mrefu zaidi. Hapa kwetu umeme ukishuka nguvu presi inaendelea kuwaka taa ileile huku joto likianguka, na mifuko thelathini inapita bila kukomaa. Kwa hiyo usihesabu dakika peke yake, angalia kipimo cha joto. Mwisho, chukua mmoja katika kila ishirini, usugue chapa kwa kitambaa cheupe chenye maji mara hamsini. Kitambaa kikibaki cheupe, endelea. Kikichukua rangi, rudisha wote ishirini kwenye presi.

Na vumbi. Mgeni akifika Lubumbashi mwezi wa Agosti anaelewa kwa nini sipigi chapa nyekundu juu ya amerikani. Udongo wetu mwekundu unapanda kila mahali wakati wa kiangazi, na mfuko wa rangi ya maziwa unaowekwa chini pembeni mwa muuza bitoyo unapata kitako cha rangi ya tofali ndani ya wiki. Chapa nyekundu au ya kahawia inazama humo. Nyeusi au buluu ya usiku inabaki. Ukipenda mfuko mweusi wenye maandishi meupe, inawezekana, ila wino mweupe juu ya kitambaa cheusi hautoshi kwa kupiga mara moja: unapiga, unaukausha kidogo, unapiga tena bila kadri kusogea hata nywele. Kadri ikisogea, kila herufi inapata kivuli.

Suluhisho lililotufaa zaidi lilitoka kwa fundi cherehani wa butike yenyewe. Alichukua vipande vya vitenge vilivyobaki kwenye kushona magauni, akavishona kama mkanda wa sentimita 12 kuzunguka kitako cha mfuko. Vumbi halionekani kwenye mauwa ya kitenge. Kila mfuko ukawa tofauti na mwenzake, wateja wakaanza kuchagua, na mtu aliyechagua mfuko anaubeba. Tahadhari ni moja: vitenge hivyo vilowekwe kwanza kwenye maji na vifuliwe, hasa vyekundu na vya buluu, la sivyo rangi itapanda kwenye amerikani.

Kwa mifuko 100 ya kipimo hiki, ukinunua amerikani yenye upana wa mita moja na nusu, mishikio ikikatwa humo humo, andaa mita 40 hivi pamoja na kitakachorudi kwenye kufua. Bei inategemea unakonunua, lakini namna ya kuihesabu haibadiliki. Tuchukue mfano: mfuko umekugharimu dola 3, na mteja anaubeba mara mbili kwa wiki kwa mwaka mmoja. Ni safari 104, chini ya senti 3 kwa kila safari. Mfuko wa karatasi wa senti 50 unatembea mara moja, kutoka dukani hadi nyumbani, na mara nyingi kwa teksi. Lakini ule wa dola 3 ukibaki umekunjwa kabatini, umelipa dola 3 kwa safari moja. Ndiyo maana sishauri kumpa kila aingiaye. Mpe anayenunua cha kutosha, na uulize kwanza kama anautaka. Anayesema "hapana, nina mfuko" amekuokolea mmoja.

Utajuaje kama inatembea? Barabara huwezi kuihesabu, ila mlango unaweza. Tuliandika kwa kalamu ya nguo nambari, 1 hadi 100, kwenye kile kitambaa cha ndani. Kila mfuko uliorudi dukani begani mwa mtu, muuzaji aliandika nambari na tarehe kwenye daftari, na kila sura mpya aliiuliza imeijuaje butike. Hesabu hiyo haikuambii wangapi waliusoma mfuko sokoni. Inakuambia ni mifuko ipi inayoishi, na huwa si sawa: nambari chache zinajirudia mara kwa mara, na nyingine hazionekani tena. Ukiona zinazojirudia ni zile za vitenge vya aina fulani, au za mishikio mirefu, umeshajua kundi lijalo likatwe vipi.

Mshikio ndio unaochoka kwanza, hata ukishonwa vizuri, na kwa kawaida ni ule wa upande unaobeba uzito mtu anapopanda pikipiki. Kwenye daftari lile tuliongeza safu ya tatu, ya mifuko iliyoletwa kushonwa. Fundi anaketi karibu na mlango, anapiga ule mraba na msalaba wake upya kwa dakika tano, bila malipo, na mama anaondoka na mfuko uleule begani, jina likiwa limefifia kidogo lakini bado linasomeka kutoka ng'ambo ya avenyi.